Nukta ya Ndani Iliyonipeleka Kuvua Pweza

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwanafunzi wa kidato cha tano, yuko Wete. Kanipigia picha daftari lake: mkunjo wa uwezekano wa uzalishaji, ule mstari unaoonyesha kiasi kikubwa kabisa cha vitu viwili unachoweza kutoa kwa mikono na mali uliyonayo, nukta moja imekaa ndani yake, na kalamu nyekundu imekata swali zima. Chini kaandika: "Kaka, nimesema nukta hii haiwezekani kufikiwa. Kosa langu liko wapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kosa hilo hilo nililifanya mimi ubaoni, darasa zima likinitazama, na mwalimu (simtaji, wala skuli siitaji) akaniambia uchumi si wangu, nikavue pweza. Miaka kumi na ushei imepita na maneno yale bado yananiwasha. Mtihani wa taifa nilipata A ya uchumi. Karatasi ya matokeo mama kaiweka kwenye kabati la vyombo mpaka leo, na kila mgeni akija huonyeshwa, apende asipende.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa uani kwetu, Jambiani. Kuna wanawake wanne nyumbani: bibi, mama, mama mdogo na dada. Kazi zao mbili, kushona makuti na kulima mwani. Nilipochoka kukariri, nilikaa nao nikauliza kila mmoja: mwezi mzima ukifanya kazi moja tu, utatoa kiasi gani? Hesabu nimezisawazisha kidogo ili zichoreke. Bibi, makuti 80 au kilo 10 za mwani mkavu, maana magoti hayamruhusu kuinama majini. Mama, makuti 60 au kilo 30. Mama mdogo, makuti 40 au kilo 40. Dada, makuti 20 tu, lakini mwani kilo 60. Bamvu likifika na maji yakapwa sana, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye kamba zake.

Chukua karatasi. Mstari wa kusimama uwe makuti, wa kulala uwe kilo za mwani. Wote wanne wakishona, tuko juu kabisa: makuti 200, mwani hakuna. Sasa tunataka mwani. Nani aende pwani kwanza? Dada, bila shaka. Tunapoteza makuti 20, tunapata kilo 60, na nukta inahamia makuti 180, kilo 60. Kila kilo tatu zimetugharimu kuti moja. Akifuata mama mdogo tunafika makuti 140, kilo 100, na sasa kila kilo inakula kuti zima. Akienda mama, makuti 80, kilo 130, na kilo imekuwa ya makuti mawili. Abaki bibi. Ukimpeleka bibi majini unapata kilo 10 za mwisho, jumla 140, na unayaacha makuti yote 80. Kila kilo moja ya bibi ni makuti 8. Unganisha nukta hizo, huo ndio mkunjo wetu.

Hiyo ndiyo gharama ya fursa: kile ulichokiacha ili ukipate hiki. Haikai kwenye nukta, inakaa kwenye mwendo wa kutoka nukta moja hadi nyingine. Nilikuwa naisoma kama bei iliyoandikwa pembeni, na wengi bado mnaisoma hivyo. Pima ulivyoshuka, gawa kwa ulivyosogea kulia, basi. Na utaona kwa nini mkunjo umebinuka kwa nje: mwanzo unashuka polepole, mwisho unaporomoka, kwa sababu mikono haifanani. Wangekuwa wanne wote kama dada, ungepata mstari ulionyooka. Wetu una kona kona kwa kuwa watu ni wanne. Wa kitabuni ni laini kwa kuwa umechorewa nchi nzima.

Sasa nukta ya ndani, iliyonichoma mimi na ikamchoma kijana wa Wete.

Mwaka 2020 watalii walikatika, na mahoteli yaliyokuwa yakinunua makuti yakafunga milango. Bibi na mama waliweka kazi chini. Mama mdogo na dada waliendelea na mwani wao, kilo 100 kwa mwezi. Weka nukta: makuti sifuri, kilo 100. Imelala chini ya mkunjo. Panda juu wima kutoka hapo mpaka uguse mkunjo, utaukuta kwenye makuti 140. Umbali huo ndio rasilimali zilizolala: mikono miwili iliyokaa barazani na minazi iliyosimama na makuti yake. Mkunjo wenyewe haukusogea hata kidogo, kwa sababu mikono ipo, minazi ipo. Kilichosogea ni nukta. Na kutoka hapo, kuti la kwanza lingetoka bila kupoteza hata kilo moja ya mwani. Gharama yake ya fursa ni sifuri. Ukianza kukokotoa gharama ya fursa ukiwa ndani ya mkunjo kana kwamba uko juu yake, hapo ndipo kalamu nyekundu inapokukuta. (Nani angeyanunua makuti hayo ni swali jingine. Mkunjo unasema unaweza kutoa nini, hausemi utamuuzia nani.)

Lakini msikimbilie kuandika "uvivu" kila mnapoona nukta ya ndani. Kuna mwezi dada alikuwa na posa, baba akamkataza pwani asije akachomwa na jua. Mama mdogo akabaki naye, wakashona makuti 60 wote wawili. Mama na bibi ndio wakaenda majini, wakarudi na kilo 40. Kila mtu alichoka, bibi alilala na magoti yamefungwa kitambaa, hakuna aliyekaa bure hata siku moja. Nukta ni makuti 60, kilo 40, ndani kabisa. Wabadilishe tu nafasi, saa zile zile, unapata makuti 140 na kilo 100. Mchoro hauwezi kukwambia kama watu wamelala au wamewekwa pasipo pao. Lazima uingie uani uulize. Walimu wetu hawaingii uani, na nyinyi mnawafuata hivyo hivyo, mnakariri "ukosefu wa ajira" kama dua.

Jambo la mwisho ndilo linalochanganya hata waliofaulu. Maji ya kina kifupi yakipata joto kali, mwani wa kotonii hupauka ukawa mweupe, ukakatika. Wakulima wengi wa kwetu wamehamia spinosamu, unaovumilia zaidi ila bei yake ni ndogo. Tuseme mwani umekufa kiasi kwamba kila mmoja pale uani anapata nusu ya kilo zake. Hapo hujahamia ndani, mkunjo wenyewe ndio umeingia ndani: juu unabaki makuti 200, lakini chini kulia unaishia kilo 70 badala ya 140. Nukta ya zamani ya makuti 140 na kilo 100 sasa iko nje, haifikiki hata wakifanya kazi usiku kucha. Kamba zilizokaa tupu kwa sababu mwenyewe hakwenda, na kamba zilizokaa tupu kwa sababu mwani umekufa, zinafanana ukizitazama kutoka barabarani. Kwenye karatasi ni michoro miwili tofauti.

Basi, mdogo wangu wa Wete, neno "haiwezekani" lihamishe. Nukta yako ya ndani inawezekana sana, tena inauma kwa sababu hiyo. Isiyowezekana ni makuti 200 na kilo 140 katika mwezi mmoja, kwa wanawake wale wale wanne. Chora upya, uandike pembeni ya kila hatua nani ameondoka kwenye makuti akaenda mwani, kisha nitumie picha. Na huyo aliyekukatia swali zima usimjibu kitu.