VPN Imewashwa, Lakini Tovuti Bado Inahisi Uko Dar

Katika vitu ambavyo tovuti huviangalia, VPN hubadilisha kimoja tu: anwani ya IP. Tuseme uko Dar es Salaam na VPN umeiunganisha Amsterdam. Tovuti inaona IP ya Uholanzi, kisha inakiuliza kivinjari chako maswali, nacho kinajibu bila kukuomba ruhusa. Unaweza kuyaona majibu hayo mwenyewe: kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua Console, uandike mstari mmoja baada ya mwingine:

```js
Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions().timeZone
navigator.languages
```

Wa kwanza utakupa `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Wa pili, kama kivinjari chako kiko kwa Kiswahili, huenda ukaanza na `sw-TZ` au `sw`. Orodha hiyo ya lugha hutumwa pia pamoja na ombi la kufungua ukurasa.

Hata jina la ukanda wa saa likifichwa, tofauti ya saa inabaki. Saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia, Januari na Julai vilevile, inaweza kuwa Moscow, Istanbul, Riyadh au Nairobi. Ongeza Kiswahili, na miji mitatu ya kwanza inakuwa dhana dhaifu. Amsterdam nayo haifanani kabisa: iko saa moja mbele wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi.

Dawa nyepesi ni kubadili saa za eneo kwenye mipangilio ya kompyuta ziwe za Amsterdam, ukizima kwanza kujipanga kwa saa kiotomatiki, kisha ufunge kivinjari chote na kukifungua upya. Lugha weka Kiingereza. Kiholanzi hakihitajiki, maana wageni wamejaa Amsterdam. Kwenye Firefox kuna njia nyingine: andika `about:config`, tafuta `privacy.resistFingerprinting`, weka `true`. Tovuti zitaona saa za UTC. Gharama yake ni kwamba miadi ya saa tatu asubuhi inaweza kuonyeshwa kama saa kumi na mbili asubuhi, na majaribio ya kuthibitisha kuwa wewe si roboti yataongezeka. Tena UTC na IP ya Amsterdam havilingani, kwa hiyo tovuti itashuku VPN, ila haitajua uko wapi.

Alama ya kifaa ni jambo tofauti. Ukubwa wa skrini, fonti na jinsi kadi ya picha inavyochora havitaji mji wowote. Vinachosema ni kwamba kifaa hiki ndicho kilichoingia juzi kwa IP ya Tanzania. Dirisha la faragha hufuta vidakuzi ukilifunga, lakini skrini na fonti ni zilezile. Ndiyo maana kivinjari ulichokitumia miezi yote bila VPN ni kibaya kwa kazi hii. Tor Browser kimetengenezwa ili watumiaji wake wafanane. Usikipanue kujaza skrini wala kukiongezea viendelezi, maana hapo utaanza kutofautiana nao. Na ukiingia kwenye akaunti yenye namba ya simu ya +255, yote haya hayana kazi.