Kichwa cha barua pepe kwa meneja: mambo ambayo YAH haiyasemi

Juma hili nimekiona tena kichwa cha barua pepe kilichoandikwa "YAH: UFUATILIAJI". Aliyekiandika ni kijana wetu mpya wa kitengo cha nyaraka, mchapakazi, ambaye alikuwa amekwisha kukamilisha makadirio ya ushuru wa mzigo wa mteja na kupata namba ya malipo, na kilichobaki kilikuwa ni meneja kuidhinisha tu. Barua ile ilikaa tangu asubuhi hadi jioni bila kufunguliwa, na kijana akawa anazunguka ofisini akisema kwamba bosi hajibu. Bosi alikuwa anajibu barua za watu wengine siku nzima. Ninawaandikia ninyi mlioanza kazi ya uwakala wa forodha mwaka huu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, lilimgharimu mtu fedha, na inaniuma kuona kila kundi jipya linalirithi.

1. Elewa kwanza kazi ya YAH ni ipi. Tumeizoea tangu shuleni, katika barua rasmi: anwani, kumbukumbu namba, salamu, kisha YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Neno lenyewe linasema "yahusu", na hilo ndilo linalofanya. Katika ofisi inayotumia majalada, kichwa kile humsaidia kwanza mtu wa masijala kujua barua iingie katika jalada gani, halafu jalada ndilo linalopelekwa mezani kwa mkubwa pamoja na dokezo linalomweleza anachoombwa. Yaani msomaji haitwi na kichwa, analetewa jalada. Katika barua pepe hakuna mtu wa masijala wala dokezo. Meneja ana orodha ya barua hamsini kwenye simu, na kichwa chako ndicho kinachopaswa kumweleza kinachotakiwa kwake. "Yahusu kontena" haimwambii kama anatakiwa aamue, alipe, asaini au ajue tu, na mtu mwenye kazi nyingi akikutana na kitu asichojua kinamtaka nini, hukiacha mpaka atulie.

2. Usining'inize ombi jipya kwenye mnyororo wa barua za zamani. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini.

Nilikuwa na miezi minane kazini. Mteja wetu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alikuwa na makontena mawili ya vigae yaliyofika bandarini Dar es Salaam. Vigae ni vizito, kwa hiyo yalikuwa makontena ya futi 20. Kwa upande wa forodha kila kitu kilikuwa kimekwisha, ushuru umelipwa na hati ya TRA ya kuruhusu mzigo nilikuwa nayo mkononi. Kilichobaki kilikuwa ni kulipa ankara ya wakala wa meli ili atoe DO, yaani hati yake ya kukabidhi mzigo, kwa sababu bila DO geti halifunguki hata kama forodha wamekwisha kuruhusu. Siku za bure za wakala yule zilikuwa zinaisha Jumamosi. Mpango ulikuwa mwepesi: Alhamisi tulipe, Ijumaa makontena yatoke, Jumamosi yarudishwe matupu, kwa kuwa hesabu ya wakala wa meli haikomi mzigo unapotoka getini, inakoma kontena tupu linaporudi.

Meneja alikuwa amesafiri kwenda Tunduma, ambako malori yetu ya mzigo wa Zambia yalikuwa yamekwama mpakani. Alhamisi saa 4 kasoro asubuhi nilitaka kumwandikia kuomba idhini ya malipo. Ili nisihangaike kutafuta anwani za mhasibu na za msimamizi wa usafirishaji, nilifungua barua niliyowaandikia wote juma moja kabla, nikabonyeza kujibu, nikaandika ombi langu humo. Barua ile ya zamani ilikuwa na kichwa "YAH: NYARAKA ZA MZIGO WA VIGAE", na ilihusu orodha ya vifungashio iliyokuwa imekosewa uzito, jambo ambalo lilikuwa limekwisha. Sikubadilisha kichwa. Nilianza kama nilivyofundishwa: "Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu." Kisha nikaeleza historia yote ya mzigo kuanzia meli ilipofika, na ombi lenyewe, kiasi na siku ya mwisho nikaviweka katika aya ya nne.

Ijumaa nilingoja. Sikupiga simu, kwa sababu niliona si adabu kumsumbua mkubwa aliyeko safarini ilhali nimekwisha kumwandikia. Jumamosi siku za bure zikaisha. Jumatatu meneja alirudi, nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza kwa upole kuhusu malipo ya vigae. Aliuliza malipo gani. Nilipomwambia kuwa nilimwandikia tangu Alhamisi, alitoa simu mfukoni, akaitafuta barua yangu, akaninyooshea kioo bila kuifungua. Mpaka leo ninayaona maneno yale. Juu palikuwa na jina langu. Chini yake: "Re: YAH: NYARAKA ZA MZIGO WA VI", kisha vinukta. Chini yake tena, kwa maandishi ya kijivu: "Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari ha", na vinukta vingine. Akasema, "Mwanangu, hebu nionyeshe hapa ni wapi umeniomba kitu." Sikuweza kumwonyesha. Yeye aliona jibu la jambo alilojua limekwisha, akapita.

Tulilipa Jumatatu mchana, makontena yakatoka Jumanne, yakarudi matupu Jumatano. Wakala alitoza siku 4, dola 20 kwa kila kontena kwa siku, jumla dola 160, mbali na tozo ya kuhifadhi mzigo. Mteja alikataa kulipa, na alikuwa na haki, kwa kuwa yeye alileta fedha na nyaraka mapema. Kampuni ikabeba. Meneja hakunikaripia. Alinipa karatasi akaniambia niandike upya maneno ambayo yangemfanya asimamishe gari njiani Mbeya na kujibu. Niliandika na kufuta kwa muda mrefu, na yafuatayo nimeyatoa katika karatasi ile.

3. Anza na kinachotakiwa, kisha siku ya mwisho, halafu ndipo utaje mzigo. Simu huonyesha herufi thelathini na kitu za mwanzo za kichwa, pengine pungufu kidogo kwa simu nyingine, na zinazobaki hukatwa. Sisi huanza na jambo kubwa tukishuka hadi ombi, kwa hiyo kinachokatwa huwa ni ombi. Kichwa tulichokubaliana kilikuwa hiki:

"Idhini, mwisho Alh. saa 8 mchana: DO ya vigae, kontena 2"

Hesabuni kutoka mwanzo hadi "mchana", pamoja na nafasi: ni herufi 32. Hata simu ikikata hapo, meneja amekwisha kujua kwamba ni idhini na kwamba ina mwisho wake. Mkiwa na shaka, jitumieni wenyewe barua hiyo kwanza, muitazame kwenye simu kabla ya kumtumia mkubwa.

Nilikuwa nimeandika "Idhinisha", nikaona haya, kwani mdogo hamwamrishi mkubwa wake kwa kitenzi kitupu. Nikaandika "Naomba uidhinishe", ikala nafasi. Nomino ndiyo iliyotuokoa: "Idhini", "Saini", "Uamuzi", "Malipo" hutaja kazi bila kumwamuru mtu, na "naomba" yako yenye heshima unaiweka katika sentensi ya kwanza ya barua yenyewe. Kama hakuna kinachotakiwa, andika "Taarifa tu" mwanzoni, naye atakushukuru, maana ataisoma jioni bila wasiwasi.

Siku ya mwisho iandikwe kwa jina la siku. "Leo" ikisomwa kesho inakuwa uongo. Na saa isiachwe peke yake: "saa 8" kwa Mswahili ni mchana, lakini kwa mtu aliyezoea saa ya simu yake ni asubuhi, na nimeshuhudia meneja mgeni akifika saa 9 alasiri katika kikao tulichokiitisha saa 3. Andika "saa 8 mchana", au "14:00" kama msomaji si mtu wa huku. Na saa hiyo iwe ya kweli. Sisi tuliweka saa 8 kwa sababu mhasibu alihitaji kupeleka maelekezo benki kabla hawajafunga malipo ya siku, ili wakala aone fedha siku ileile. Ukiweka saa ya kubuni ili kumharakisha mtu, atagundua, na kichwa chako kijacho hatakiamini.

4. Acha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Najua mmefundishwa, na katika barua ya karatasi ina mahali pake, lakini kwenye simu ule mstari wa kijivu chini ya kichwa ni maneno ya mwanzo ya barua yako. Umepewa nafasi ya pili ya kusema, nawe unaitumia kumrudisha msomaji juu alikotoka. Sentensi yangu ya kwanza ilipaswa kuwa: "Naomba uidhinishe ankara ya DO iliyoambatishwa, siku za bure zinaisha Jumamosi, baada ya hapo ni dola 40 kwa siku." Hapo ana kiasi cha hasara mkononi na anaweza kujibu neno moja tu, "Lipa", akiwa amesimama.

5. "HARAKA SANA" na "MUHIMU" hazina habari ndani yake. Tarehe ndiyo haraka yenyewe.

6. Usiweke katika kichwa kitu ambacho hutaki aliyeketi jirani na meneja akisome, kwa kuwa simu nyingi huonyesha kichwa hata zikiwa zimefungwa. Mishahara, nidhamu ya mfanyakazi na deni la mteja viandikwe kwa ufupi usiofichua: "Uamuzi, mwisho Ijumaa: suala la mfanyakazi".

7. Jambo likibadilika, anzisha barua mpya yenye kichwa kipya, hata kama ni mzigo uleule. Likiwa bado ni lilelile, jibu palepale na usiguse kichwa, kwa sababu ukikibadilisha, Gmail hulitenga jibu lako kama mazungumzo mengine na meneja anapoteza historia.

8. Kama zimebaki saa 2, piga simu, kisha uandike. Kichwa kizuri kinafanya kazi kwa mtu anayetazama simu yake, lakini mtu aliye mpakani Tunduma anaweza kukaa nusu siku bila mtandao. Adabu niliyojifanyia Ijumaa ile haikumsaidia yeye wala mteja.

Kijana wetu wa juma hili nilimwita tukakaa naye, tukaandika upya: "Malipo, mwisho Alh. saa 6 mchana: ushuru wa matairi". Nilimwambia aitume kama barua mpya, asiiunganishe na ile ya asubuhi. Alirudi mezani kwake, na kabla hajamaliza kupanga nyaraka za mzigo uliofuata, jibu la meneja lilikuwa limekwisha kuingia, pamoja na swali moja la haki kabisa: kwa nini hakuambiwa asubuhi.