Tangazo la kahawa lisilo na asali wala chokoleti

Wiki iliyopita dada mmoja wa Buzuruga, hapa Mwanza, alinitumia tangazo la kahawa yake nilipitie. Anasema watu wanaliona, wanauliza maswali matano, kisha kimya. Tangazo lenyewe hili hapa, na amenipa ruhusa kuliweka:

"Kahawa asilia ya Kagera, tamu kuliko zote Kanda ya Ziwa! Ladha ya asali na chokoleti, inaondoa uchovu na kupunguza kitambi. Imesagwa vizuri. Pakiti kubwa na ndogo. Karibuni sana."

Mdogo wangu, wateja wako wanauliza maswali matano kwa sababu kuna mambo matano hukuyaandika. Na hapa nina donge la siku nyingi la kutoa.

Mimi nakaanga kahawa hapa Kirumba. Nilipoanza kupeleka mzigo mahotelini, mnunuzi wa hoteli moja ya mjini aliinua karatasi yangu mbele ya wenzake akasema ni kavu kama risiti ya Luku. Nilikuwa nimeandika kahawa imetoka wapi, imekaangwa vipi, imesagwa kwa chombo gani, ina gramu ngapi na ilikaangwa lini. Basi. Akamchukua mwenzangu ambaye pakiti yake iliahidi asali, karameli na matunda ya porini. Iliniuma, na nikipita pale hadi leo inaniuma. Lakini msimu uliofuata ni yeye aliyenipigia simu: wageni walikuwa wanalalamika kwamba kahawa ya wiki hii siyo ya wiki iliyopita, na kwenye pakiti hakuna kitu kinachomwonyesha kilichobadilika. Kwenye yangu angekiona kwa kusoma tu. Tangu hapo ananunua kwangu, na karatasi yangu sijaibadilisha hata mstari.

Turudi kwa dada. Nilimuuliza kwanza buni anaipata wapi. Akasema ananunua robusta ya Karagwe kwa dalali wa Bukoba, halafu anachanganya na arabika kidogo ya Tarime ili isiwe chungu sana. Tarime iko Mara. Kwa hiyo "asilia ya Kagera" tayari siyo kweli, wala hakuwa na haja ya kuficha, maana mchanganyiko huo ni mzuri. Anayeijua buni akimwaga punje mezani ataona mwenyewe: robusta ni ya mviringo na mstari wake wa katikati umenyooka, arabika ni ndefu kidogo na mstari umepinda. Andika mkoa, wilaya kama unaijua, aina, na kiasi cha kila moja kwa uzito. Kama dalali hakukwambia kijiji, ishia kwenye wilaya. Usibuni kijiji.

Ukaangaji yeye hakuutaja kabisa, na wengi wetu tunaandika "imekaangwa kwa ustadi". Hilo halimsaidii mtu. Anayekaanga anajua kwamba buni hulia mara mbili: mlio wa kwanza mkubwa wa kupasuka, na wa pili mwembamba, wa harakaharaka. Ukiitoa motoni baada kidogo ya mlio wa kwanza, ni hafifu, na uchachu unasikika. Ukiisimamisha katikati ya milio hiyo, ni wastani. Ukiingia mlio wa pili ni kali, punje zinakuwa nyeusi na mafuta yanatoka juu. Dada anasimamisha katikati. Basi aandike wastani, punje za kahawia, kavu, zisizo na mafuta juu. Mteja atahakikisha kwa macho.

"Imesagwa vizuri" ndiyo iliyonikera zaidi. Vizuri kwa chombo gani? Huku kwetu wengi wanachemsha kwenye birika, na hapo unga laini ndio wenyewe, unatua chini ukiuacha dakika chache. Unga huohuo ukiutia kwenye chombo cha kubonyeza, chujio linaziba na kikombe kinajaa machicha. Chenga nene nazo ukizipitisha kwenye karatasi ya kuchuja, maji yanakimbia na kahawa inatoka nyepesi, chachu. Mteja huyo hatakwambia amekosea chombo, atasema kahawa yako mbovu. Taja chombo.

Uzito sasa. "Pakiti kubwa" siyo uzito. Tuliiweka pakiti yake tupu, ya karatasi ngumu yenye plastiki ndani, juu ya mzani: gramu 12. Alikuwa anapima pakiti ikiwa imejaa hadi mzani usome 250, maana yake mteja alikuwa anapata kahawa ya gramu 238. Hakukusudia, ila mteja mwenye mzani jikoni hajui nia yako. Weka pakiti tupu, rudisha mzani kwenye sifuri, ndipo ujaze. Na ukumbuke buni hupungua motoni. Kwa ukaangaji wa wastani kilo moja mbichi inarudi kama gramu 850 hivi, yaani pakiti tatu za 250 na gramu 100 za baki. Wanaopanga bei kwa kilo mbichi wanajikuta na hasara, halafu wanaifidia kwa kupunja pakiti. Usifike huko.

Tarehe ihesabiwe kuanzia siku ya kukaanga. Siku uliyosaga, siku uliyobandika lebo, hizo sizo. Kahawa kavu haigeuki sumu kwa kupitwa na siku. Inachopoteza ni harufu, na mafuta yake yanaanza kuchacha, na iliyosagwa inachoka haraka kuliko punje. Ndiyo maana tunaandika "bora itumike kabla ya". Muda wenyewe usinakili kwa jirani. Bakiza pakiti moja ya kila mkaango palepale unapohifadhi mzigo, kwenye joto lako na unyevu wa ziwa, uwe unafungua moja baada ya nyingine kadiri miezi inavyopita. Ile ambayo harufu imekufa inakuonyesha mwisho. Weka tarehe yako kabla ya hapo. Dada anazo alizobakiza, na akaridhika na miezi mitatu. Mwezi uandike kwa jina, 05/06 kila mtu anaisoma kwake.

Ladha nimeiacha nyuma makusudi. Ukimwandikia mnunuzi wa sokoni Mlango Mmoja "ladha ya asali na chokoleti", anaelewa umetia asali na chokoleti. Mteja mmoja wa dada alirudisha pakiti iliyofunguliwa akidai chokoleti yake, na mimi nasema alikuwa na haki. Kitambi ndiyo kabisa kifutwe: unauza kinywaji, huuzi dawa. Andika kile ambacho mtu yeyote akinywa atakikubali.

Tangazo lake sasa linasomeka hivi:

"Kahawa ya unga. Robusta ya Karagwe, Kagera, asilimia 70. Arabika ya Tarime, Mara, asilimia 30. Imekaangwa wastani. Imesagwa laini kwa kuchemsha kwenye birika. Ukitaka ya kuchuja au punje nzima, sema kabla hatujasaga. Uzito wa kahawa bila pakiti: gramu 250. Imekaangwa 12 Mei 2025. Bora itumike kabla ya 12 Agosto 2025. Nzito, chungu, uchachu kidogo. Haijaongezwa kitu."

Dada aliuliza kama anaweza kuliacha hivyohivyo mwaka mzima. Hapana. Kila ukikaanga, tarehe zote mbili zinabadilika, na dalali akikuletea robusta ya Muleba badala ya Karagwe, mstari wa robusta nao unabadilika siku hiyohiyo, kabla pakiti haijatoka mlangoni.