Soketi ya matundu matano, ninunue adapta gani?

"Wakuu, naenda Guangzhou kufuata mzigo. Hoteli imenitumia picha ya soketi yenye matundu matano. Adapta gani ninunue hapa Mwanza?"

Mkuu, hiyo ni soketi ya kawaida ya China: soketi mbili kwenye bamba moja. Kuza picha utazame matundu matatu ya chini. Moja bapa limesimama juu, ndiyo ethi, na mawili chini yake yameinama kama herufi V. Australia wana umbo hilohilo, ila kwao ethi hukaa chini. Matundu mawili ya juu hayana ethi. Yanatosha chaja ya simu.

Plagi zetu za pini tatu nene za mstatili haziingii kokote hapo. Ukifika Makoroboi omba adapta inayopokea plagi yetu, yenye pini tatu bapa, mbili zimeinama. Usichukue ya pini mbili kama una laptopu yenye waya wa ethi, maana chuma chake kinaweza kukutekenya kwa umeme.

Umeme wao ni volti 220, vifaa vyetu vinafanya kazi bila transfoma. Pasi iache nyumbani, adapta nyingi ndogo huishia ampea 10.