Kichwa cha slaidi kiseme chati inaonyesha nini

"Bosi anasema vichwa vya slaidi zangu havisemi kitu. Niandike nini badala ya 'Malalamiko ya wateja'?"

Andika sentensi nzima yenye kitenzi, ile ambayo ungemnong'oneza mtu aliyechelewa kikao: "Malalamiko yameongezeka maradufu tangu Machi." Kisha kifunike kichwa, uitazame chati peke yake. Je, inaonyesha hivyo? Hapa ndipo wengi huteleza. Ukiandika "Malalamiko yameongezeka kwa sababu mizigo inachelewa" ilhali chati ina mstari wa malalamiko tu, umedai zaidi ya ushahidi ulionao. Ongeza mstari wa siku za kusubiri, au punguza dai. Kichwa kikizidi mistari miwili, mara nyingi kimebeba hoja mbili, basi zitenganishe kwenye slaidi mbili.