Akaunti yangu ilisimamishwa, na barua yangu ya kwanza ikazidisha mambo

Jumatatu moja asubuhi niliwasha laptopu hapa nyumbani Tabata nimalizie kazi ya manukuu, video ya dakika 40 ambayo mteja aliitaka Alhamisi. Nikakuta mstari mwekundu juu ya ukurasa wa tovuti ninayopatia kazi za mtandaoni: akaunti imesimamishwa kwa sababu inahusishwa na akaunti nyingine, na kanuni ni akaunti moja kwa mtu mmoja. Humo ndani nilikuwa na dola 214. Tovuti yenyewe sitaitaja, lakini wanaofanya kazi za mtandaoni wanaujua mstari wa aina hiyo.

Nilichokosea kwanza ni kuandika palepale. Mkono unatetemeka, chai inapoa, nikajaza ukurasa mzima. Niliwaeleza kuhusu miaka yangu mitatu pale, nyota tano za wateja, kodi ya nyumba, ada ya mtoto. Nikafunga kwa sentensi niliyoiona ina nguvu kuliko zote: "Sijawahi kumruhusu mtu yeyote kutumia kitu changu chochote." Jibu lilirudi baada ya dakika sita. Wananishukuru kwa kuwasiliana nao, wamepitia suala langu, uamuzi unabaki ulivyo.

Dakika sita, tena jibu lisilogusa hata neno moja la uliyoandika, maana yake hakuna mtu aliyekaa akaisoma barua yako. Usilichukulie kama hukumu. Lakini pia usikimbilie kutuma barua nyingine tano zenye maneno yaleyale, maana kila barua hupewa namba na kuitwa tiketi, na mlolongo wa tiketi zinazofanana unamchosha atakayezifungua, na huenda zikaunganishwa zote kisha zikafungwa kwa pamoja.

Aliyenitoa gizani ni shemeji yangu, amefanya kazi ya kupokea simu za wateja kwa muda mrefu. Alisoma barua yangu kwenye simu, akacheka kidogo. "Shemeji, wewe umemwandikia hakimu. Anayesoma hii ni karani. Kwenye mashine yake anaona akaunti mbili zimegusana mahali fulani. Mwambie zimegusana wapi na kwa nini, basi. Habari za ada ya mtoto hana pa kuziandika."

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza tangu mwanzo: wao wanaona nini? Tovuti hizi huangalia vitu vichache. Kifaa unachoingilia, anwani ya intaneti, namba ya simu, njia ya kupokelea malipo na kitambulisho. Havina uzito sawa. Anwani ya intaneti peke yake ni ushahidi dhaifu, hasa kwetu tunaotumia bando la simu, kwa sababu kampuni ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Mimi na jirani nisiyemjua tunaweza kuonekana tunatoka mlango mmoja. Kifaa kina uzito zaidi. Namba ya simu na akaunti ya malipo ndizo nzito, kwa sababu watu hawaazimani hivyo vitu ovyo.

Mimi nilidhani tatizo ni laptopu. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Morogoro kukaa nasi, akaitumia kujifungulia akaunti yake ya kazi za kuandika data. Nikamwita nimuulize vizuri, bila kugomba.

"Dada, laini yangu ilikuwa imezingua siku ile," akasema. "Niliweka namba yako ipokee tu zile tarakimu za uthibitisho. Si ulinisomea mwenyewe?"

Nikakumbuka. Jumamosi usiku, nipo jikoni nageuza mihogo kwenye karai, simu ikalia, yeye akaniomba kutoka sebuleni nimsomee namba iliyoingia. Nikasoma tarakimu sita bila hata kuuliza ni za nini. Kwa hiyo wao walikuwa na sababu. Mbaya zaidi, ile sentensi yangu yenye nguvu ilikuwa uongo, na uthibitisho wa uongo huo ulikuwa kwenye kumbukumbu zao. Tangu hapo siandiki "sijawahi" wala "kamwe" kwenye barua ya aina hii. Naandika kile tu ambacho mtu mwenye kumbukumbu za mfumo akikiangalia atakikuta vilevile.

Ushahidi wenyewe ulikuwa simuni. Meseji ya zile tarakimu sikuwa nimeifuta, na ilionyesha tarehe na saa, 21:04. Naomba hapa nitulie kidogo, maana ni mtego wetu sisi Waswahili. Kwetu hiyo ni saa tatu na dakika nne usiku. Katika rasimu yangu niliandika 3:04, kwa mazoea tu. Kwao 3:04 ni saa tisa ya alfajiri. Tena kumbukumbu za tovuti nyingi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa za kulinganishia, ambazo ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu, kwa hiyo kwenye mashine yao tukio lile lingesomeka 18:04. Mtu anayelinganisha barua yangu na mashine yake asingeona tukio lolote kwenye 3:04, angehitimisha kwamba ninabuni. Andika saa kwa mtindo wa saa 24, weka ya Dar na ya UTC kandokando.

Picha ya skrini nilipiga nzima, na tarehe ikionekana. Usikate, usizungushie mishale, usifute kitu kwa rangi isipokuwa namba ya siri au jina la mteja, na ukifuta sema umefuta nini. Picha iliyopambwa inatia shaka hata kama ni ya kweli.

Kitambulisho nilitumia pasipoti badala ya cha NIDA. NIDA ni halali, ila maneno yake mengi ni ya Kiswahili na anayekagua huenda yuko bara jingine. Pia jina: kitambulisho changu kina majina matatu, akaunti ina mawili. Nililieleza hilo kwa sentensi moja kabla hawajauliza. Cha mdogo wangu sikukituma mimi. Nyaraka za mtu mwingine, hata awe wa tumbo moja, azitume mwenyewe kwenye tiketi yake. Wewe unataja namba ya tiketi hiyo tu. Hivyo wanaona watu wawili wanaozungumza kila mmoja kwa sauti yake, na hilo ndilo hasa unalotaka waamini.

Barua ya pili niliiandika kwa Kiingereza baada ya kulala usiku mzima. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Naomba mpitie upya kusimamishwa kwa akaunti yangu (jina la mtumiaji na namba ya tiketi ya awali). Katika ujumbe wangu wa kwanza niliandika kwamba hakuna mtu aliyetumia kitu changu. Hilo halikuwa sahihi, na ninalirekebisha hapa.

Jumamosi, saa 21:04 za Dar es Salaam (18:04 UTC), mdogo wangu anayeishi nami alifungua akaunti yake kwa laptopu yangu na akatumia namba yangu ya simu kupokea tarakimu za uthibitisho. Picha ya meseji hiyo ni kiambatisho cha 1. Sisi ni watu wawili tofauti. Pasipoti yangu ni kiambatisho cha 2. Yeye amewasilisha kitambulisho chake kwenye tiketi yake (namba). Malipo yangu huingia kwenye akaunti ya benki yenye jina langu, kiambatisho cha 3. Yeye hajafanya kazi kwenye akaunti yangu, wala mimi kwenye yake.

Ameomba namba yangu iondolewe kwenye akaunti yake. Niko tayari kuthibitisha utambulisho wangu kwa video."

Basi. Hakuna nyota tano, hakuna kodi ya nyumba. Nyota zako wanaziona, na hazijibu swali la namba ya simu. Majina ya mafaili nayo niliyapa maana, `1-meseji.png`, `2-pasipoti.pdf`, `3-benki.pdf`, badala ya yale majina marefu ya tarakimu yanayotoka kwenye kamera. Pasipoti niliipeleka steshenari kuskani, kwa sababu picha ya simu ilikuwa na kivuli cha mkono wangu.

Niliituma kama jibu ndani ya tiketi ileile. Siku tatu kimya. Siku ya nne likaja jibu lililotaja "mdogo wako" na "meseji ya 18:04", nikajua sasa kuna mtu. Akataka uthibitisho wa makazi.

Hapo wengi wetu hukwama. Risiti ya LUKU haisaidii, mita ni ya mwenye nyumba na risiti haina jina lako. Nikatuma taarifa ya benki, ikarudi: anwani iliyokuwamo ilikuwa sanduku la posta, na sanduku si mahali pa kulala. Nikaenda tawini wakabadilisha anwani ikawa na mtaa na namba ya nyumba, wakanichapishia nyingine yenye mhuri. Nilikuwa pia na barua ya serikali ya mtaa. Niliiambatisha pamoja na tafsiri yake, kama nyongeza. Kama unafanya kazi hizi na benki yako bado ina S.L.P. peke yake, hilo rekebisha leo, kabla hujaombwa.

Siku ya tisa akaunti ilifunguliwa. Kazi ya manukuu ilikuwa imeshapotea. Namba ya mteja ningeweza kuipata, jina la kampuni yake lilikuwa kwenye video, lakini kumfuata nje ya tovuti ni kosa jingine kabisa, na ningekuwa nalifanya wakati wanakagua kosa la kwanza. Kufungua akaunti mpya vilevile: ndiyo ingekuwa hiyo akaunti ya pili wanayonituhumu nayo. Na wale waliojitokeza inboksi baada ya rafiki yangu kulalamika mtandaoni, wanaodai wana mtu ndani na watafungua kwa dola 30, wote ni matapeli.

Njia hii ina mpaka wake. Kama umemkodisha mtu akaunti yako, au kazi zako anafanya mwingine, barua ya utulivu haitabadilisha kilichomo kwenye kumbukumbu. Niliona mtu Sinza akijaribu kupita hapo kwa kitambulisho kilichochezewa kwenye kompyuta. Alikuwa amesimamishwa kwa muda, akafungiwa moja kwa moja.

Mdogo wangu yeye alisubiri zaidi, wakamtaka aweke namba iliyo yake. Akaenda kwa wakala kusajili laini mpya kwa alama za vidole, na safari hii tarakimu sita alizisoma mwenyewe.