Umma gani huo kwenye "kampuni ya umma"?

"Mwalimu shikamoo. Dukani kwetu Kizota tumebishana hadi jioni. Shirika la umma na kampuni ya umma ni kitu kimoja? Na hizo hisa anazo nani, serikali au sisi wananchi?" Msomaji, Dodoma.

Marahaba. Vitu viwili tofauti kabisa, na hilo neno "kampuni ya umma" mimi linanikera miaka mingi sasa. Kuna mzee mkulima wa zabibu kule Hombolo aliwahi kuniletea tangazo la hisa, limeandikwa wazi "kampuni ya umma inauza hisa", akaniambia mwalimu hawa matapeli, mali ya serikali haiuzwi rejareja kama nyanya. Akaacha kununua. Kosa si lake, Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko cha aliyeandika tangazo.

Neno umma tumelitoa Kiarabu, ni jamii nzima ya watu, ila kwetu tangu Azimio la Arusha 1967 na mabenki kutaifishwa, mali ya umma ni mali inayoshikwa na serikali kwa niaba ya wote. Hiyo maana imeshakaa. Sasa mfasiri anakutana na neno la Kiingereza public company, yaani kampuni ambayo sheria inairuhusu kuuza hisa kwa mtu yeyote, anaona public inafanana na umma, anabandika. Kisheria kinyume cha kampuni hiyo si serikali, ni kampuni iliyojifunga, yenye wanachama wasiozidi 50 na isiyoruhusiwa kutangazia watu hisa zake. Yaani habari ni nani anaruhusiwa kununua, siyo nani anamiliki!

Chukua NMB, hii ndo naitolea mfano kila siku. Jina lake linaishia na Plc, alama ya hiyo public company, hisa zake zipo Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2008. Serikali ina asilimia 31.8, wawekezaji wa nje wanaoitwa Arise wana 34.9, zilizobaki kama 33.3 zimesambaa kwa watu binafsi, mifuko na makampuni mengine. Benki ikitenga gawio la shilingi 100, shilingi 31.80 inaenda Hazina, 34.90 kwa Arise, 33.30 wanagawana hao wengine kila mtu kwa hisa zake. Sasa niambie, hapo ni shirika la umma? Hapana, kwa sababu serikali haijafika hata nusu, haiwezi kuamua peke yake kwenye mkutano wa wanahisa. Ndo maana Ofisi ya Msajili wa Hazina inaziweka kampuni kama hizi kwenye kundi la "hisa chache", na chache hapo maana yake chini ya nusu, hata Airtel Tanzania ambako serikali ina 49 ipo humohumo. Mtu akiita NMB kampuni ya umma msikilizaji anaelewa ni ya serikali, akiiita kampuni binafsi mwanasheria anaelewa imejifunga. Mimi nasema "kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa", ndefu lakini haimdanganyi mtu.

Tukirudi kwenye shirika la umma, jina lisikuchanganye. TANESCO sote tunaiita shirika, na ni shirika la umma kweli, lakini kwenye karatasi ni kampuni yenye hisa, ila asilimia zote 100 ni za serikali. Anayezishika ni Msajili wa Hazina, kwa niaba ya serikali. Wewe na mimi siyo wanahisa wa TANESCO jamani, mwanahisa ana hisa zenye jina lake, anapiga kura mkutanoni, anaweza kuziuza. Nenda kajaribu kuuza fungu lako la TANESCO pale Majengo uone. Kusema "sisi wananchi ndo wenye mali" ni sawa, kusema "sisi ndo wanahisa" si sawa.

Halafu zipo taasisi za umma ambazo hazina hisa kabisa. DUWASA wanaotuletea maji hapa mjini ni mamlaka, ipo kwa mujibu wa sheria, hakuna cha kugawa kwa hisa. Taasisi za namna hiyo zikipeleka hela Hazina unaitwa mchango, na kwa baadhi yao ni asilimia 15 ya mapato ghafi, siyo gawio. Gawio linatoka kwenye gawa, na unagawana faida na mwenye fungu, hisa yenyewe kwa Kiarabu ni fungu. Kwa hiyo mkibishana tena dukani sikilizeni taarifa ya habari, wakisema limetolewa gawio ujue kuna hisa, wakisema mchango usitafute mwanahisa hapo. Na kama ni gawio, ulizeni serikali ina asilimia ngapi, ikizidi nusu ndo muite shirika la umma.